Kasuku Anayejinyonyoa Manyoya

Kasuku wa kijivu, ndege wa misitu ya Kongo na Uganda, ni miongoni mwa kasuku wanaojinyonyoa manyoya mara kwa mara wanapofugwa, na ngozi inayobaki wazi ikiwa nyekundu na yenye michubuko humfanya mfugaji afikirie utitiri kwanza, ingawa wadudu hao hawaonekani sana kwa kasuku wa ndani ya nyumba.

Kichwa ndicho kinachopaswa kutazamwa mwanzo. Kwa kuwa mdomo wa ndege haufiki utosini pake mwenyewe, kasuku mwenye manyoya kamili kichwani, lakini kifua na chini ya mabawa vikiwa vitupu, aghalabu amejinyonyoa, ilhali upara wa kichwani huashiria kwamba ananyonyolewa na mwenzake tunduni, au ana ugonjwa unaouharibu unyoya tangu unapoota, kama vile ule wa virusi vya mdomo na manyoya.

Hata hivyo, kujinyonyoa si uthibitisho wa uchovu wa kukaa bure. Ni kweli kwamba ndege huyu porini huishi kwa makundi na hutumia sehemu kubwa ya siku kutafuta chakula, hivyo bakuli lililojaa na tundu lisilo na cha kutafuna humwachia saa nyingi tupu. Lakini ngozi inayowasha kwa bakteria au ukungu, moshi wa sigara, hewa kavu, na lishe ya mbegu za alizeti pekee, ambayo ina upungufu wa vitamini A, vyote huleta sura ileile.

Tuseme kasuku wa namna hiyo, mwenye kichwa kizima na kifua chekundu, amefikishwa kwa daktari wa mifugo anayewajua ndege. Daktari huuliza kwanza juu ya chakula, usingizi na mabadiliko ya nyumbani, kisha humpima uzito, kwa kuwa kukonda huelekeza kwenye maradhi ya ndani. Hubandika kioo chembamba kwenye ngozi ili atazame chembe zake kwa hadubini, na huchukua damu ya kutafutia virusi na dalili za maambukizi au ini kudhoofika. Tundu la mabati lililotafunwa humlazimu kupiga picha ya eksirei, kwani vipande vya risasi au zinki vilivyomezwa huonekana tumboni, ingawa zinki iliyokwisha kuyeyuka hugunduliwa kwa damu tu. Uchovu hutajwa kuwa chanzo baada ya hayo kuondolewa, na daktari anayeutaja mapema mno humwacha mgonjwa bila tiba.

Wakati wa kusubiri majibu, mafuta na marhamu yasipakwe, maana hugandisha manyoya na ndege huyalamba. Akinyunyiziwa maji safi ya vuguvugu hupata nafuu bila madhara. Kidonda kinachotoka damu hakingoji miadi. Kijishimo cha ngozi kinachootesha unyoya, kikijeruhiwa mara nyingi, hupata kovu na hakioteshi tena, hata chanzo kikishatibiwa.