Asante ya Mchango wa Ada Huanza na Hesabu

Binti wa Kitanzania anayesoma Uingereza anapowaomba wafuasi wake mchango wa ada, hachezi. Mwanafunzi wa kigeni asipolipa, chuo kinaweza kumwondoa kwenye masomo, na kikishamwondoa kinawajibika kuiarifu idara ya uhamiaji. Viza yake hufupishwa, naye hufungasha virago. Ndiyo maana ada ikipatikana, wengi hushika simu wakajirekodi papo hapo huku machozi yakiwatoka. Machozi si kosa, lakini aliyechanga anangoja kusikia jambo jingine: fedha zangu zimefika wapi?

Tuchukue mfano. Binti wa Tanga anadaiwa pauni 3,800. Amefungua mchango GoFundMe kwa akaunti yake ya benki ya Uingereza, na dada yake aliye nyumbani anapokea kwa M-Pesa michango ya wasio na kadi ya benki. Watu 120 wanachanga pauni 3,000 mtandaoni. Wafuasi wanaona 3,000 kwenye skrini, lakini haziji zote. Huko Uingereza GoFundMe hukata asilimia 2.9 ya kila mchango pamoja na peni 25. Asilimia hiyo ni pauni 87, na peni za watu 120 ni pauni 30. Zimeondoka pauni 117, zimebaki 2,883. Dada naye anatuma za M-Pesa, na baada ya makato ya kutuma na ya kubadilisha fedha zinafika pauni 950. Jumla ni 3,833. Ada ikilipwa, zinabaki pauni 33.

Hapo ndipo maneno huzuka. Asipotaja makato, mwenye kikokotoo atajumlisha na kuuliza pauni mia na ushei zimekwenda wapi, na swali hilo likishasambaa halizimwi kwa video ya pili. Kwa hiyo aandike kwanza atakayosema, hata kama ni nusu ukurasa wa daftari, kisha ndipo arekodi. Maneno yake yanaweza kuwa haya:

“Shikamooni wazazi wangu, na wenzangu hamjambo. Ni mimi binti yenu wa Tanga. Leo sina ombi, nimekuja kutoa hesabu. Mtandaoni mlichanga pauni 3,000. Baada ya makato nimepokea 2,883. Kwa dada zimekuja 950. Juzi nimelipa chuoni pauni 3,800, na risiti ndiyo hii. Zimebaki 33, nazo nitanunulia vitabu. Mama uliyetuma shilingi elfu mbili ukaandika ‘ya soda’, nimeiona. Na wewe ambaye hukuwa nacho ukasambaza ujumbe, umo pia. Mchango nimeufunga leo. Mtu akikuandikia pembeni kwa jina langu akiomba zaidi, huyo si mimi. Matokeo yangu yakitoka nitarudi kuwaambia. Mungu awabariki.”

Mama wa soda ametajwa kwa alichokifanya, si kwa jina. M-Pesa humwonyesha mpokeaji jina na namba ya aliyetuma, lakini kuviona si ruhusa ya kuvitangaza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, wapo wanaotoa kwa siri ili ndugu wengine wasije wakawagongea mlango. Anayetaka kutaja majina awaulize wenyewe kwanza.

Risiti nayo ionyeshwe kwa tahadhari. Kinachotakiwa kuonekana ni jina la chuo, tarehe, na kiasi kilicholipwa. Namba ya mwanafunzi, anwani ya chumba, tarehe ya kuzaliwa na namba za akaunti zifunikwe kabla ya kurekodi, kwa karatasi iliyobandikwa juu yake. Mtazamaji akisimamisha video, kila herufi husomeka.

Sentensi ya kufunga mchango ndiyo wengi huisahau, na matapeli huitegemea. Video ya shukrani ikisambaa, mtu huchukua picha ile ile, hufungua akaunti yenye jina linalotofautiana kwa herufi moja, kisha huwaandikia wafuasi kwamba bado kidogo, tuma kwa namba hii. Mfuasi aliyekwisha kusikia kutoka kinywani mwa binti kwamba mchango umefungwa hatanaswa kirahisi. Ukurasa wa GoFundMe nao ufungwe siku hiyo hiyo, ili maneno na vitendo vilingane.

Nawe uliyechanga una haki ya kuuliza. Ukipata video ya asante isiyo na kiasi wala risiti, andika chini yake kwa adabu: mwanangu, hongera, tunaomba hesabu. Mwenye hesabu safi atakujibu.