Ngozi ya Mpira, Maduara Manne

Ingiza mpira ndani ya kopo linaloubana, lenye kimo sawa na kipenyo chake. Archimedes wa Sirakusa alithibitisha kwamba ngozi ya mpira na ubavu wa kopo vina eneo sawa. Kwa nini? Vikate vyote viwili kwa mlalo, tepe nyembamba mno. Pale juu ambapo mzingo wa mpira umebaki nusu ya ule wa kopo, ngozi imeinama hata utepe wake ni mpana mara mbili ya ule wa kopo. Kwa hiyo maeneo yanalingana, na kila mahali fidia ni hiyohiyo.

Ubavu wa kopo ukikunjuliwa ni mstatili: 2πr × 2r = 4πr². Duara kubwa ni πr² tu. Nusu kipenyo kikiwa sentimita 10, duara ni takriban sentimita za mraba 314, ngozi 1,257.