Barua ya baba kwa mwanawe aliyeanza kazi: sehemu yako katika gharama za nyumba

Barua hii iliandikwa na baba mmoja, mshiriki wa kanisa letu mjini Lubumbashi, kwa kijana wake aliyepata kazi mwaka huu. Tumemwomba ruhusa ya kuitoa hapa kwa sababu familia nyingi zinagombana juu ya jambo hili bila kuketi na kulihesabu. Majina tumeyaondoa.

Mwana wetu mpendwa,

Tunakusalimu katika jina la Bwana Yesu. Sisi wazazi wako tumeona ni vema tukuandikie, ingawa tunalala chini ya bati moja. Jumapili iliyopita uliondoka mezani bila kumaliza chakula, kwa sababu mama yako alikuomba franga za makala, na ilikuwa mara ya nne kwa wiki moja. Wewe ulisema, “Nimekuwa benki ya nyumba hii.” Mama yako naye alijibu kwamba mtu anayekula bila kutoa kitu ni mgeni. Maneno yote mawili yalituumiza, na tulipokaa usiku kuyafikiri tuliona kwamba kosa la kwanza ni letu. Tangu uanze kazi hatujakuambia tunangoja nini kwako. Mtu asiyejua kiasi chake, kila ombi analiona kama wizi.

Unajua kidogo habari ya baba yako na kaka yake mkubwa. Baba yako alipopata kazi ya kwanza alikuwa anakaa kwa kaka yake, na kila mwisho wa mwezi alimpelekea bahasha nzima, haijafunguliwa. Kaka alimrudishia pesa ya basi na ya sabuni. Hakuna aliyeandika kitu, na hakuna aliyeuliza. Baada ya miezi 14 baba yako aliondoka usiku akiwa na deni kwa rafiki, hana hata godoro, na ndugu hao wawili hawakusemezana kwa miaka mitatu. Kaka hakuwa mtu mbaya: pesa ile ilikwenda kwa chakula kweli. Lakini haikuhesabiwa, na kila mmoja aliamini moyoni kwamba ameibiwa. Hatutaki jambo hilo lirudi katika nyumba hii.

Basi tumechukua daftari na kuandika gharama za miezi mitatu, kisha tukatafuta kiasi cha mwezi mmoja. Tumehesabu kwa dola, kwa sababu kodi ya nyumba tunailipa kwa dola, na bei za sokoni kwa franga zinapanda na kushuka.

Kodi ya nyumba ni 100. Unga wa mahindi, mifuko mitatu ya kilo 25, ni 45. Mboga, samaki, mafuta, chumvi na sukari ni 120. Makala ni 30. Umeme wa SNEL na maji ya REGIDESO ni 20. Sabuni na vitu vidogo ni 15. Jumla ni dola 330. Minervali ya wadogo zako watatu hatukuiweka humo, na tutakuambia sababu.

Tulijaribu kwanza kugawa kwa vichwa. Tuko watu sita, kwa hiyo kila mmoja anagharimu dola 55. Hesabu hiyo ni rahisi, lakini ina kasoro: ingemfanya mama yako, ambaye meza yake ya soko inampa kama dola 100 kwa mwezi, atoe sawa na wewe unayepokea mara tatu zaidi.

Kisha tukajaribu kugawa gharama yote kwa kufuata mapato. Wewe unapokea mkononi dola 330, baada ya kampuni kukata CNSS na kodi ya mshahara. Kwa basi la kwenda kazini unatumia 30, na pesa hiyo si yako kweli, kwa sababu bila basi hakuna mshahara. Zinabaki 300. Baba yako anapokea 350 na anakwenda kazini kwa miguu. Mama yako ana 100. Jumla yetu sisi watatu ni 750, na sehemu yako katika hizo ni 40 kwa mia. Asilimia 40 ya 330 ni dola 132. Tulipoona namba hiyo tulisimama. Ni karibu nusu ya mshahara wako, na inakufanya uwe mzazi wa tatu wa wadogo zako. Wewe hukuwazaa. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 12:14, anafundisha kwamba si watoto wanaopaswa kuwawekea wazazi akiba, bali wazazi kwa watoto. Watoto wetu wadogo ni mzigo wetu.

Kwa hiyo tumeunganisha njia hizo mbili. Gharama ya watoto watatu, yaani 55 mara tatu, ni 165, na hiyo ni yetu mama na baba. Gharama ya watu wazima watatu ni 165 pia, na hiyo tunaigawa kwa kufuata mapato. Asilimia 40 ya 165 ni dola 66. Hiyo ndiyo sehemu yako: dola 66 kwa mwezi. Sisi tunabaki na 99 za watu wazima na 165 za watoto, jumla 264, pamoja na minervali.

Tazama mshahara wako sasa. Kutoka 330 ondoa basi 30, fungu la kumi 33, na nyumba 66. Zinabaki 201. Hizo ni zako. Humo utapata chakula cha mchana kazini, nguo, simu, na akiba ya mahari au ya kununua kiwanja. Hatutakuuliza umezifanyia nini. Lakini tunakushauri uweke akiba siku ileile ya mshahara, kabla marafiki hawajasikia kwamba umelipwa.

Sasa tukueleze namna ya kutoa, kwa sababu ugomvi wetu ulitoka hapo zaidi kuliko katika kiasi. Utampa mama yako zote 66 mara moja, ndani ya siku tatu baada ya kulipwa, naye ataandika katika daftari mbele yako. Tangu siku hiyo hatakuomba tena franga za makala wala za chumvi. Pesa ndogondogo ndizo zinazoudhi: anayetoa anahisi ametoa nyingi, anayepokea anahisi amepokea kidogo, na wote wawili hawajui jumla. Ukipita sokoni ukanunua mfuko wa unga kwa dola 15, mwambie mama yako auandike, na mwezi huo utampa 51. Usinunue ukanyamaza, kisha ukakumbusha siku ya hasira. Daftari litakaa juu ya kabati, nawe una haki ya kulifungua siku yoyote. Mtoto anayetoa pesa asionyeshwe hesabu atafanya kama baba yako alivyofanya usiku ule.

Mshahara ukichelewa, kama inavyotokea, tuambie tu. Utalipa ukipata, na hatutaita jambo hilo ukaidi. Ukipoteza kazi, sehemu yako ni sifuri na sahani yako itabaki pale pale. Mshahara ukipanda, au mdogo wako akianza naye kazi, tutarudia hesabu. Hata bila hayo tutaipitia kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu bei ya unga haikai mahali pamoja. Siku utakapooa na kuhamia kwako, deni hili litakoma. Utakachotuletea baada ya hapo kitakuwa zawadi.

Neno hilo zawadi tunataka ulielewe. Dola 66 si zawadi, ni gharama ya mtu mzima anayekula, kulala na kuoga katika nyumba. Hatutakushukuru kwa hizo kama vile umetuokoa, na wewe usizitoe kama msaada. Lakini ukitaka kumlipia dada yako sehemu ya minervali, hiyo ni zawadi. Tutaipokea kwa furaha, tutaiandika katika ukurasa wake, na mwezi usipoweza hakuna atakayekudai. Ugonjwa na kilio navyo viko mbali na hesabu hii. Vikitokea tutaketi wote watatu na kusema nani ana nini. Zawadi ikigeuzwa kuwa deni kimyakimya, mtoto anachoka. Deni likiitwa zawadi, mtoto anajivuna. Yote mawili tumeyaona katika nyumba za jirani.

Kuna jambo moja zito. Mwezi uliopita uliahidi mbele ya kamati ya vijana dola 100 kwa bati za kanisa, ukazitoa zote, na nyumbani hukuleta kitu. Sisi ni watu wa kanisa hilo, na bati hizo tunazihitaji. Lakini soma Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Bwana Yesu anawakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Fungu lako la kumi toa. Ahadi nyingine itoke katika zile 201, isitoke katika sufuria ya mama yako. Mchungaji tumemweleza hivyo, naye amekubali.

Utajuaje kama kiasi hiki si cha haki? Kuna dalili mbili. Ikiwa unakopa kabla ya tarehe 20 ingawa hukufanya upuuzi, basi sehemu yako ni kubwa mno, au tumesahau gharama fulani ya kazi yako. Njoo useme. Na ikiwa mama yako anakopa unga kwa jirani huku umekwisha kutoa zote, basi hesabu yetu ya nyumba ni ndogo kuliko ukweli, na sisi ndio tuliokosea. Hapo tutaandika upya, lakini hatutakuja kugonga mlango wako usiku.

Jumamosi jioni tutaketi, daftari likiwa wazi. Ukiona namba tuliyoandika si ya kweli, ikosoe. Ukiona tumesahau kitu, kiongeze. Hatukutuma barua hii kama amri ya mwisho, ila tunaomba tusitoke mezani kabla hatujakubaliana kiasi, tarehe, na mahali pa kuandika.

Mama yako anasema makala yamekwisha nunuliwa, usiwe na wasiwasi. Anakuomba urudi ule pamoja nasi.

Sisi wazazi wako,
kwa mkono wa baba yako.