Kizazi Kikishuka Uzeeni: Pete au Kisu?

Mara nyingi mama huligundua akiwa anaoga au anajisafisha chooni. Mkono unagusa kitu laini cha mviringo mlangoni mwa uke, kitu ambacho mwaka jana hakikuwepo. Asubuhi akiamka hakionekani, au kimebaki kidogo tu. Jioni, baada ya kutwa ya kusimama jikoni au kuinama shambani, kimeshuka na kinasuguana na nguo ya ndani. Maumivu si makali. Kuna uzito tu chini ya kitovu na mgongo unaochoka. Wazo linalowajia wengi hapo ni saratani, na kwa woga huo wananyamaza miaka.

Tabia hiyo ya kushuka mchana na kurudi usiku ni dalili nzuri ya kutambua tatizo lenyewe. Kinachoguswa si nyama mpya iliyoota. Ni ukuta wa uke, umesukumwa nje na kiungo kilicho nyuma yake. Mbele ya uke kuna kibofu cha mkojo, juu yake kuna kizazi, nyuma yake kuna sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Chochote kati ya hivyo kinaweza kushuka, na mara nyingi hushuka viwili pamoja. Watu husema tu kizazi kimeshuka, lakini kwa wanawake wengi kinachotangulia mbele ni kibofu. Hata mwanamke aliyekwisha kutolewa kizazi anaweza kushukwa, kwa sababu kilele cha uke wake kinaweza kuanguka.

Viungo hivi hushikiliwa juu na misuli iliyotandazwa chini ya nyonga, pamoja na kano zinazokifunga kizazi kwenye mifupa. Aliyewahi kulalia kitanda cha kamba anaijua hali hii: kamba hazilegei zote siku moja, lakini kitanda kikishabonyea katikati, kila anayelala huangukia shimo lilelile. Mlegezaji mkuu ni uzazi wa njia ya kawaida. Kichwa cha mtoto huivuta misuli hiyo kupita kiasi, na wakati mwingine huing'oa pale iliposhikana na mfupa. Mzazi wa miaka 25 huenda asihisi lolote. Hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni hupungua, tishu za uke zinakuwa nyembamba, na jeraha la ujanani linajitokeza. Kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, unene na mizigo mizito humalizia kazi.

Mkoani Kilimanjaro watafiti waliwapima zaidi ya wanawake elfu moja wa vijijini, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Karibu theluthi mbili yao walikuwa na kiwango fulani cha kushuka, ingawa waliokuwa na hali kali walikuwa takriban 7 tu katika kila 100. Kubeba vitu vizito kwa saa nyingi kila siku kulihusishwa na tatizo hilo, na kuzalia nyumbani pia. Ukiwajua wanawake wa kule na mizigo yao ya majani ya ng'ombe, hushangai.

Tumchukue bibi mmoja wa mfano, miaka 70, mjane, mzazi wa watoto saba. Kliniki ya magonjwa ya wanawake muuguzi anamwamkia, naye anaitika, kisha anaeleza kwamba ana "tatizo la mkojo". Uvimbe hautaji. Ni mpaka aulizwe, "Bibi, kuna wakati unalazimika kusukuma kitu kwa kidole ndipo mkojo utoke?" ndipo anacheka kwa aibu na kusema, "Ndiyo, mwanangu, kila siku."

Daktari anamwomba akohoe na kujikamua akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, maana uvimbe ambao haujakamuliwa huonekana mdogo kuliko ulivyo. Kipimo huchukuliwa kutoka kwenye mstari wa mlango wa uke, pale kizinda kilipokuwa. Kama sehemu iliyoshuka zaidi iko ndani ya sentimita moja juu au chini ya mstari huo, hiyo ni hatua ya pili kati ya nne. Ya bibi huyu imetoka sentimita tatu nje: hatua ya tatu, na ukuta wa mbele ndio umetangulia. Baada ya kukojoa anapimwa kwa utrasaundi kujua mkojo uliobaki kibofuni, kwani mkojo unaobaki huzaa maambukizi ya mara kwa mara. Anaulizwa pia kama ametokwa na damu. Damu ya ukeni baada ya hedhi kukoma haisingiziwi uvimbe mpaka saratani ya kizazi na ya shingo ya kizazi zichunguzwe.

Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, yaani kubana kama anayezuia mkojo, kushikilia na kuachia, husaidia sana hatua za mwanzo yakisimamiwa vizuri kwa miezi kadhaa. Kilichokwisha kutoka sentimita tatu hayakirudishi. Dawa za kubana uke, shabu ikiwemo, ndizo kabisa zisiguswe: hazifiki kwenye misuli wala kano zilizolegea, zinakausha na kuunguza ngozi ambayo tayari ni nyembamba.

Hapo ndipo pesari inapoingia, kifaa ambacho wanawake wengi hawajawahi kutajiwa. Ni kitu cha zamani kuliko hospitali zetu zote. Matabibu wa Ugiriki ya kale wanatajwa kuwa walitumia nusu ya komamanga. Ya leo ni ya silikoni laini, na inayotumika zaidi ni pete inayokunjika. Huingizwa ikiwa imekunjwa, ikifunguka ndani inakaa nyuma ya shingo ya kizazi na juu ya mfupa wa kinena, ikibeba kilichokuwa kinaanguka.

Kuchagua saizi ni kazi ya mkono, hakuna fomula. Muuguzi hukadiria upana wa uke kwa vidole, akajaribu pete, tuseme ya milimita 70. Kidole kimoja kinapaswa kupita kati ya pete na ukuta wa uke. Isipopitisha, imebana na itachubua. Ikizunguka ovyo, itadondoka. Kisha bibi anaambiwa ashuke kitandani, atembee, achuchumae, akohoe, aende chooni kukojoa. Hatua hiyo hairukwi. Pete sahihi mvaaji haihisi, na mkojo unatoka bila shida. Ya kwanza ikidondoka chooni hapohapo, hajashindwa. Anajaribiwa kubwa zaidi, au aina nyingine kama kisahani chenye kishikio, ambacho hubeba uvimbe mkubwa lakini hakiruhusu tendo la ndoa. Pete ya kawaida inaruhusu. Zinazoshindikana mara nyingi ni kwa wenye mlango mpana sana au uke mfupi, hasa waliokwisha kutolewa kizazi.

Kuna jambo moja la kumwonya kabla hajaondoka. Kibofu kilichoshuka hukunja mrija wa mkojo, na mkunjo huo ulikuwa unazuia mkojo kuvuja. Pete ikikinyanyua, mrija unanyooka, na bibi anaweza kuanza kuvuja akikohoa. Pete haijaharibu kitu. Imefichua kilichokuwa kimefichwa na uvimbe. Upasuaji nao unaweza kufichua jambo hilohilo, kwa hiyo pete inafaa pia kama jaribio la kujua mapema.

Anarudi baada ya wiki moja au mbili, kisha kila miezi mitatu hadi sita. Anayeweza kuitoa mwenyewe huitoa mara moja kwa wiki, akaiosha kwa sabuni na maji, akailaza nje usiku huo na kuirudisha asubuhi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 uligundua kuwa wanaojihudumia hivyo wanaishi vizuri sawa na wanaotegemea kliniki, tena wanapata madhara machache. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni husaidia ngozi isichubuke. Uchafu mweupe kidogo ni wa kawaida. Harufu kali, damu au maumivu ni sababu ya kurudi kabla ya tarehe.

Hatari kubwa ni kusahau. Pete iliyoachwa miaka bila kutolewa huzama kwenye nyama, na katika visa vibaya hutoboa mpaka kwenye kibofu au utumbo, mkojo au kinyesi kikapita ukeni. Kwa hiyo asiyeweza kurudi kliniki wala kuitoa mwenyewe asipewe pete, hata kama imemkaa vizuri. Nionavyo mimi, swali la nauli lingepaswa kuulizwa kabla ya swali la saizi.

Bibi yetu alishindwa hapohapo. Vidole vyake vina baridi yabisi, hawezi kuikunja, na binti anayekaa naye aliona haya. Alivaa pete mwaka mmoja na nusu akisafiri kila miezi mitatu, mpaka kidonda kikatokea ukutani. Pete ikatolewa wiki kadhaa kidonda kipone, na uvimbe ukarudi. Njia yake si ya ajabu. Huko Uholanzi, wanawake 440 waligawanywa kwa bahati, wengine wakaanza na pesari na wengine na upasuaji. Miaka miwili baadaye takriban 76 katika 100 wa kundi la pesari walisema wamepata nafuu, na 81 wa kundi la upasuaji. Lakini zaidi ya nusu ya walioanza na pesari walikuwa wamekwisha kuhamia kisu.

Upasuaji si mmoja. Daktari anaweza kukaza ukuta wa uke kwa nyuzi, kukitoa kizazi kwa kupitia ukeni na kukifunga kilele cha uke kwenye kano imara za nyonga, au kukibakiza kizazi na kufupisha shingo yake. Yote haya huacha uke unaofaa kwa tendo la ndoa, na yote yana uwezekano wa uvimbe kurudi baada ya miaka, hasa ukuta wa mbele. Wavu wa plastiki uliokuwa ukishonwa kupitia ukeni ulileta maumivu na kutoboka kwa ukuta, na Marekani ilisimamisha uuzaji wake kwa kazi hiyo mwezi Aprili 2019. Anayependekezewa wavu aulize ni wa aina gani na unapitia wapi.

Kwa mjane wa miaka 70 ipo njia nyingine, ambayo haizungumzwi sana: kuufunga uke. Kuta za mbele na nyuma hushonwa pamoja, zikiachwa njia ndogo pembeni za kupitisha ute. Ni upasuaji mfupi, unafanyika kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, na kati ya njia zote ndio wenye uwezekano mdogo kabisa wa uvimbe kurudi. Gharama yake iko wazi: hakuna tena tendo la ndoa la ukeni, wala shingo ya kizazi haichunguziki tena. Ndiyo maana kizazi na shingo yake hupimwa kwanza, na ndiyo maana uamuzi huu anaulizwa mwenyewe, faragha, mwanawe wa kiume akiwa nje. Bibi alipoulizwa alijibu bila kusita, "Mlango huo niliufunga siku nyingi, mwanangu. Nataka kukojoa."

Kabla ya tarehe kupangwa alitibiwa kikohozi chake na kupewa dawa ya kulainisha choo, kwa sababu nyuzi mpya hazihimili kukamua. Mpira wa mkojo ulitolewa siku iliyofuata, na hakuruhusiwa kwenda nyumbani mpaka akojoe na kilichobaki kibofuni kipimwe. Binti yake alipewa sharti lake pia: kwa wiki sita ndoo ya maji ni yake.