Mjomba, Kikao Kimeamua Hivi

Mtu wa Marangu akifia Dar es Salaam, kikao cha kwanza cha msiba hufanyika usiku uleule au kesho yake, sebuleni au chini ya turubai uani. Siku hizi hakosi kijana mmoja wa kuweka simu mezani irekodi, kwa sababu ya walio nje. Rekodi ya saa mbili na nusu inatumwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na ndugu aliye Hamburg anaambiwa, "Sikiliza, yote yamo." Yamo kweli, pamoja na watoto wanaolia, sahani zinazogongana na wazee wanne wanaosema kwa mpigo. Akimaliza kusikiliza bado hajui mazishi ni lini, anatakiwa kuchangia nini, wala akate tiketi ya kushukia wapi.

Ndiyo maana koo nyingi zina mtu mmoja anayekaa na rekodi hiyo na kuandika barua. Mara nyingi ni katibu wa kikao, au binti mwenye subira na mwandiko mzuri. Kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwani rekodi inashika kila kilichosemwa, na anayesubiri barua anataka kilichoamuliwa. Tuchukue mfano wa ukoo mmoja wa Marangu, hesabu nikiwa nimezipanga mwenyewe ili zifuatike kwa urahisi. Marehemu ni mzee aliyekaa Dar miaka mingi. Mdogo wake yuko Hamburg. Anayeandika ni mtoto wa dada yao, kwa hiyo barua inaanza, "Mjomba, shikamoo. Pole sana kwa kufiwa na kaka yako."

Baada ya pole zinafuata siku, mahali na saa, kabla ya habari nyingine yoyote, maana nauli ya ndege inapanda kila saa anayoichelewesha. Kikao kiliamua ibada ya kuaga ifanyike nyumbani Dar siku ya Ijumaa asubuhi, msafara uondoke jioni hiyo, na mazishi yawe Marangu Jumamosi saa nane mchana. Mwandishi mzoefu anaandika "saa nane mchana, yaani 14:00 kwa saa ya Tanzania", kwa sababu watoto wa mjomba waliozaliwa kule watasoma "saa nane" na kuelewa asubuhi. Anaongeza kwamba kwa majira ya baridi, Ujerumani itakuwa saa sita kamili mchana, ili asiyeweza kusafiri ajue wakati wa kufuatilia kwa simu. Halafu anasema jambo ambalo hakuna aliyelitamka kikaoni: anayefika Jumamosi alfajiri ashukie Uwanja wa Kilimanjaro, si Dar, kwa kuwa mwili utakuwa umeshaondoka.

Kutambua uamuzi ndani ya rekodi kunataka sikio. Kikao cha msiba hakipigi kura. Mtu anatoa hoja, mwingine anaipinga, wa tatu anakumbushia msiba wa mwaka jana, kisha kimya, na mwenyekiti anasema, "Basi, tuendelee." Je, hoja imepita? Alama ninayoiamini ni hii: mwenyekiti amerudia jambo lenyewe kwa maneno yake, na mtu fulani amepewa kulisimamia. Kama hakuna aliyekabidhiwa, lichukuliwe kuwa ni wazo lililotajwa, na barua iseme hivyo. Katika mfano wetu walizungumzia mabasi mawili kwa karibu nusu saa. Mwishoni mwenyekiti alisema, "Basi moja, na wenye magari wabebe wazee," akamkabidhi kijana mmoja akalipie. Asiyesikiliza hadi mwisho angeandika mabasi mawili.

Kuna pia kizingiti cha lugha. Mambo yakiwa mazito wazee wanahamia Kichagga, nusu ya hoja inapita humo, na vijana waliozaliwa mjini wanabaki kuitikia tu. Mwandishi asiyekielewa vizuri asibahatishe. Ampelekee shangazi kipande hicho cha rekodi, amwulize kilisemwa nini, na aandike jibu la shangazi.

Kipande cha Kichagga katika kikao hiki kilihusu mahali pa kaburi. Wachagga wengi huzika kihambani, kwenye shamba la familia lenye migomba na kahawa, lakini kihamba kinaweza kuwa na zaidi ya pembe moja yenye haki. Wazee walitaka azikwe karibu na baba yake, kwenye boma la zamani. Mjane alitaka awe mbele ya nyumba waliyoijenga wenyewe. Hakusema mwenyewe, kaka yake ndiye aliyemsemea. Ikakubaliwa mbele ya nyumba.

Hapa barua isipunguze maneno. Iandike mjane alitaka nini, nani alimsemea, nani alipinga, na nani alifunga hoja. Wasomaji wenye umri watakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno wa Nairobi, aliyefariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na mazishi yakafanyika Mei 1987, miezi mitano baada ya kifo. Kikao chetu hakikukaribia huko. Hata hivyo mjomba akifika na kukuta kaburi limechimbwa pasipo boma la baba yake, ni vema awe anajua tayari kwamba mkubwa wa ukoo alikubali.

Sasa fedha, ambako barua nyingi zinapotea. Bajeti iliyopitishwa ilikuwa hivi: jeneza, sanda na mochwari 1,300,000, gari la kubeba mwili 1,800,000, basi 2,600,000, chakula na vinywaji 3,200,000, kaburi 900,000, turubai, viti na spika 700,000. Jumla ni shilingi 10,500,000. Mweka hazina akatangaza, na sauti yake inasikika vizuri kabisa: "Tumefikisha milioni sita, laki tisa na nusu." Watu wakapiga makofi.

Ukirudi nyuma dakika ishirini ukahesabu michango mmojammoja, taslimu iliyopokelewa ni 2,850,000. Nyingine 4,100,000 ni ahadi. Mweka hazina hakudanganya. Ndivyo vikao vinavyohesabu ili kutiana moyo. Ila mwenye basi anataka taslimu Ijumaa. Kwa hiyo barua inaweka mafungu mawili yasiyochanganywa, kisha inatoa mapengo mawili: hadi usiku wa kikao zilipungua 7,650,000, na hata ahadi zote zikitimia zitapungua 3,550,000. Namba ya pili ndiyo itakayomsaidia mjomba kupima mchango wake, na ya kwanza itamwonyesha kwa nini anaombwa atume mapema.

Halafu kuna ng'ombe. Mkwe wa marehemu aliahidi ng'ombe mmoja, na mtu mmoja kwenye rekodi anasema, "Huyo ni milioni moja na laki mbili." Inavutia kumtoa kwenye pengo na kuandika kwamba zinapungua 2,350,000 tu. Lakini makisio ya kwanza ya chakula yalikuwa 4,400,000, na yalishuka hadi 3,200,000 dakika chache baada ya ng'ombe kutajwa. Yaani alikuwa ameshatolewa. Sauti ilikuwa hafifu pale, kwa hiyo mwandishi alimpigia mweka hazina kuthibitisha kabla hajaandika. Ng'ombe wa kuhesabiwa mara mbili ni kosa la kawaida sana kwenye misiba, na hugundulika siku ya mazishi nyama ikiwapo na mchele hautoshi. Ndizi na mbege za majirani zinaandikwa kama vitu, bila kutiwa bei.

Kiwango cha ukoo kilitajwa wazi: wanaume wenye familia 100,000 kila mmoja, mabinti walioolewa 50,000. Na walio nje? Kwenye rekodi sauti moja inasema, "Wa Ulaya atamalizia," watu wanacheka, mwingine anataja milioni moja na nusu. Mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba mjomba amepangiwa 1,500,000. Mwandishi huyu aliandika: "Mjomba, kiasi chako hakikuamuliwa. Kuna aliyetaja milioni moja na nusu, lakini mwenyekiti alisema tukuulize mwenyewe." Najua wapo watakaosema angeacha tu, fedha ingekuja. Mimi naona ugomvi mwingi kati ya nyumbani na nje unatoka hasa kwenye kicheko cha namna hiyo kinachofika ng'ambo kikiwa amri.

Barua ikataja namba moja tu ya kupokelea michango, ya mweka hazina, na jina kamili ambalo namba hiyo imesajiliwa, kwa sababu msibani namba huzuka nyingi. Ikaomba atume na ya kutolea, ili makato yasile mchango. Ikamwambia pia kwamba usharika wa nyumbani unasubiri barua ya utambulisho kutoka usharika wa Dar, kuthibitisha marehemu alikuwa mshiriki hai, na kwamba binti mkubwa ndiye anayeifuatilia. Jambo dogo, ila likisahaulika mchungaji anaweza kusita, na watu wako barabarani tayari.

Yapo yaliyoachwa kwa makusudi. Karibu dakika kumi za rekodi zinahusu chanzo cha kifo na nani alichelewa kumpeleka hospitali. Barua inasema tu, "Kulikuwa na maneno juu ya ugonjwa wake, hakuna kilichoamuliwa." Mtu aliye peke yake ugenini usiku wa msiba hahitaji kupokea lawama ambazo waliokuwa kikaoni walishazimaliza kwa kushikana mikono.

Deni la marehemu na shamba la bondeni nalo liliguswa, na mwenyekiti akalizuia hadi siku ya kuanua tanga. Hili liliandikwa, kwa sababu ya kinachokuja. Baada ya matanga ukoo utakaa tena kupendekeza msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida itataka kuona muhtasari wa kikao hicho, wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Barua ya msiba haiwezi kuchukua nafasi yake, wala rekodi. Mjomba akitaka neno lake liingie kwenye muhtasari huo bila kuwapo, aliandike yeye mwenyewe, atie sahihi na alitume kabla ya siku ya kikao. Kusikiliza kwa simu kutoka Hamburg hakumpi haki ya kuorodheshwa miongoni mwa waliohudhuria, hata kama binti yule wa barua angependa sana kumwandika.