Mwitikio wa Kodi na Uwiano wa Kodi kwa Pato la Taifa: Athari za Marekebisho ya Takwimu za Kenya ya Mwaka 2014 kwa Vipimo vya Ukusanyaji wa Mapato

Watafiti wa fedha za umma hutumia vipimo viwili zaidi ya vingine wanapotaka kujua kama nchi inakusanya kodi ipasavyo. Cha kwanza ni uwiano wa kodi kwa Pato la Taifa, yaani kodi yote iliyokusanywa katika mwaka ikigawanywa kwa thamani ya uzalishaji wote wa mwaka huo kwa bei za mwaka husika. Cha pili ni mwitikio wa kodi, yaani asilimia ya ongezeko la kodi ikigawanywa kwa asilimia ya ongezeko la Pato la Taifa. Kipimo cha kwanza huonyesha nchi imefika wapi, na cha pili huonyesha inaelekea wapi. Makala haya yanashughulikia jambo ambalo tasnifu nyingi hulipita haraka: vipimo vyote viwili vinategemea kigawanyo kilekile, nacho ni Pato la Taifa. Ofisi ya takwimu inapobadili namna ya kulihesabu pato hilo, vipimo hivi haviathiriki kwa namna moja.

Ni vema kwanza kuuona uhusiano wao. Tuseme T ni kodi, Y ni Pato la Taifa, t ni ukuaji wa kodi na g ni ukuaji wa pato, vyote kwa bei za mwaka husika:

```
mwitikio b = t / g
uwiano mpya = uwiano wa zamani × (1 + t) / (1 + g)
```

Mwitikio ukiwa 1, uwiano hausogei. Ukizidi 1 wakati pato linakua, uwiano hupanda, lakini hupanda polepole kuliko wengi wanavyodhani. Tuchukulie nchi yenye uwiano wa asilimia 15, ambayo pato lake limekua kwa asilimia 12 na kodi yake kwa asilimia 14. Mwitikio wake ni 1.17, matokeo ambayo wizara yoyote ya fedha ingeyatangaza kwa furaha. Hata hivyo, uwiano wake umepanda kutoka 15 hadi 15.27 tu. Kwa mwendo huo, nchi hiyo ingehitaji karibu miaka 29 kufikia asilimia 25, ambayo ndiyo kiwango elekezi kilichowekwa katika Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki iliyotiwa saini mwaka 2013. Kwa hiyo, mtafiti anayetoa hukumu kwa kutazama mwitikio peke yake anaweza kuisifu nchi iliyo mbali sana na lengo. Anayetazama uwiano peke yake naye anaweza kuilaumu nchi ambayo kwa kweli inasonga mbele.

Sasa tuitazame Kenya. Mwezi Septemba 2014, Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya lilitangaza makadirio mapya ya Pato la Taifa yaliyohamisha mwaka wa kizio kutoka 2001 hadi 2009. Pato la mwaka 2013 lilionekana kuwa kubwa kwa asilimia 25.3 kuliko lilivyokuwa limehesabiwa awali, na kwa makadirio hayo mapya Kenya ikahesabiwa miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha chini. Sababu yake haikuwa hila. Mizania ya sekta iliyotumika hapo awali ilitokana na uchumi wa mwaka 2001, wakati ambapo huduma ya M-Pesa haikuwapo, kwani ilianza mwaka 2007. Shughuli mpya zilikuwa zimekua, na shughuli za zamani zilikuwa zimebadilika uzito, huku mizania ikibaki palepale. Tanzania ilipita njia hiyohiyo mwishoni mwa mwaka huo huo: ilihamia kizio cha 2007, na pato la mwaka huo wa kizio likaongezeka kwa asilimia 27.8. Nigeria ndiyo iliyotikisika kuliko zote. Mwezi Aprili 2014 ilihama kutoka kizio cha 1990 hadi cha 2010, na pato lake la mwaka 2013 likaongezeka kwa takribani asilimia 89.

Kodi iliyokuwa imekwisha kukusanywa haikubadilika hata kwa shilingi moja. Kwa hiyo, uwiano wowote wa Kenya wa mwaka 2013 ulipaswa kugawanywa kwa 1.253, na uliokuwa asilimia 20 ungesomeka kuwa takribani 16. Wapo waliosema kwamba anguko hilo ni la karatasi tu na kwamba hakuna mkusanyaji aliyezembea. Kauli hiyo ni kweli nusu. Ni kweli kwamba juhudi za mwaka ule hazikupungua. Lakini pato lililoongezwa kwenye hesabu halikuzuka siku ya kutangazwa. Lilikuwapo miaka yote, na kodi yake, kama ilipasa kulipwa, haikuwa ikionekana kukosekana. Kwa maoni ya makala haya, uwiano mdogo ndio uliokuwa wa kweli, na ule mkubwa uliotangulia ulikuwa ukiipendelea serikali bila yeyote kukusudia. Linalobaki kuchunguzwa ni kiasi gani cha pato hilo kinaweza kutozwa kodi kwa sheria iliyopo. Nchini Kenya, kwa mfano, mazao ya kilimo ambayo hayajasindikwa yamesamehewa kodi ya ongezeko la thamani, hivyo uzalishaji ulioonekana upya shambani hupanua kigawanyo bila kupanua wigo wa kodi hiyo kwa kiasi kilekile.

Lengo la kikanda nalo lilisogea bila kuguswa. Asilimia 25 ya pato jipya ni sawa na asilimia 31.3 ya pato la zamani. Nchi ambayo ingedhani imebakiza hatua chache ilijikuta imeongezewa safari.

Kwa upande wa mwitikio, mambo ni tofauti. Ikiwa ofisi ya takwimu imerekebisha miaka yote kwa kiwango kilekile, kila pato limezidishwa kwa namba moja, ukuaji haubadiliki, na mwitikio unabaki ulivyokuwa. Hatari inakuja pale mtafiti anapounganisha mfululizo wa zamani na mpya bila kutambua mshono. Turudi kwenye mfano wetu wa ukuaji wa asilimia 12 na 14. Iwapo mwaka wa kwanza umechukuliwa kutoka chapisho la zamani na mwaka wa pili kutoka chapisho jipya, ukuaji wa pato utasomeka hivi:

```
1.12 × 1.253 = 1.403, yaani asilimia 40.3
b = 14 / 40.3 = 0.35
```

Mwitikio wa 1.17 umegeuka 0.35, na tasnifu itaandika sura nzima ikieleza kushindwa ambako hakukutokea. Katika mwaka mmoja kosa hili huonekana haraka, kwa kuwa ukuaji wa asilimia 40 katika nchi ambayo mfumuko wa bei uko kwenye tarakimu moja hauaminiki. Katika mfululizo mrefu hujificha. Tuseme pato limekua kwa asilimia 12 kila mwaka kwa miaka 20 na mwitikio halisi ni 1.1 kwa kipimo cha logi. Logi ya pato imeongezeka kwa 2.27 na logi ya kodi kwa 2.49. Mshono unaongeza 0.23 kwenye pato peke yake, na ukipima kutoka ncha hadi ncha mwitikio unatoka 1.00 kamili. Hakuna kitu katika namba hiyo kinachomshtua msomaji. Ndiyo namba ambayo kila mtu huitarajia. Mtahini atakayeitaka michoro ya mfululizo wa pato wenyewe, badala ya jedwali la matokeo pekee, ataliona ruka hilo kwa macho.

Kuushona mfululizo vizuri nako kuna uamuzi ndani yake. Ofisi za takwimu hurekebisha miaka kadhaa tu kurudi nyuma, na mtafiti anayetaka miaka ya mbali zaidi hana budi kuunganisha mwenyewe. Njia ya kwanza ni kuzidisha miaka yote ya zamani kwa namba moja inayopatikana katika mwaka ambao mifululizo yote miwili inakutana. Njia hiyo huhifadhi ukuaji wa zamani, na kwa hiyo huhifadhi mwitikio, lakini inadai kwamba sehemu ya uchumi isiyoonekana ilikuwa kubwa vilevile tangu mwanzo. Njia ya pili ni kuigawanya tofauti hiyo kidogo kidogo, ikianzia sifuri katika mwaka wa kizio wa zamani na kukua hadi mwaka wa makutano. Hii inafanana zaidi na jinsi mizania inavyochakaa kwa kweli. Inaongeza ukuaji wa pato wa kila mwaka, na kwa sababu hiyo inashusha mwitikio. Makala haya yanaipendelea njia ya pili kwa uchumi kama wa Kenya, ambako shughuli mpya zilizaliwa katikati ya kipindi. Hata hivyo, matokeo ya njia zote mbili yanastahili kuwekwa mbele ya mtahini, maana pengo kati yake ndilo kipimo cha kiasi gani hitimisho linategemea uamuzi wa mwandishi.

Hata kigawanyo kikiwa safi, mwitikio hautofautishi ukuaji wa wigo wa kodi na mabadiliko ya viwango. Kipimo kinachoondoa mabadiliko ya sheria huitwa unyumbufu wa kodi, na miaka ya janga la UVIKO-19 nchini Kenya inaonyesha umbali unaoweza kuwapo baina ya viwili hivyo. Mwezi Aprili 2020 kodi ya ongezeko la thamani ilipunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na kiwango cha juu cha kodi ya mishahara pamoja na kodi ya makampuni vikashuka kutoka 30 hadi 25. Mwanzoni mwa Januari 2021 viwango hivyo vikarudishwa. Tuchukulie mwaka mmoja kamili wa asilimia 14 ukifuatwa na mwaka mmoja kamili wa asilimia 16, huku manunuzi yanayotozwa kodi na Pato la Taifa vyote vikikua kwa asilimia 8:

```
1.08 × 16 / 14 = 1.234
mwitikio = 23.4 / 8 = 2.93
unyumbufu = 8 / 8 = 1
```

Mwitikio wa karibu 3 hapa haumsifu mkusanyaji yeyote. Umerekodi tu kurudishwa kwa kiwango. Uhalisia wa Kenya ni mgumu zaidi kuliko mfano huu, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai na mabadiliko ya Januari 2021 yaliukata mwaka wa 2020/21 katikati, ilhali Pato la Taifa huripotiwa kwa mwaka wa kalenda. Mtafiti anapaswa kutumia wastani wa pato la miaka miwili ya kalenda au, ikiwezekana, takwimu za robo mwaka, na kisha kuzirudisha kodi za miaka yote kwenye viwango vya mwaka mmoja wa rejea kabla ya kukokotoa unyumbufu. Asipofanya hivyo, mwaka wa 2021/22 utaonekana kuwa mwaka wa mageuzi makubwa ya ukusanyaji, na mwaka wa 2019/20 kuwa wa uzembe, ingawa sehemu ya tofauti hiyo iliandikwa bungeni kabla ya afisa wa kodi kufungua jalada lake.