Wei Si Unga wa Ngano: Kwa Nini Pankeki za Protini Huwa Kama Mpira

Wanyanyua vyuma wana mapishi yao yanayopita kwa mdomo kutoka jim moja hadi nyingine: vipimo viwili vya protini ya wei, ute mweupe wa mayai matatu na ndizi moja mbivu. Ponda, koroga, mimina kwenye kikaango. Hakuna unga wa ngano, hakuna mafuta. Rojo huwa laini, vanila hunukia nyumba nzima, na pankeki hupata rangi mapema kuliko ulivyotarajia. Shida huanzia mdomoni. Ukiibonyeza inarudi ilivyokuwa, ukiitafuna inalia kwenye meno, na ikipoa ndiyo haitafuniki kabisa. Mpishi hulaumu kikaango, au duka lililomuuzia kopo. Lakini kopo halina kosa. Wei kwa macho ni unga, ila ikishapata moto tabia yake ni ya ute wa yai, na katika mapishi haya imekutanishwa na ute wa yai wenyewe.

Wei ni yale maji ya kijanijani yanayojitenga juu ya mtindi uliokaa. Viwandani huyapata kwa wingi wakati wa kutengeneza jibini: maziwa yakigandishwa, mabonge huwa jibini na maji hubaki. Maji hayo huchujwa, hukaushwa, na kuwa unga tunaouona kwenye makopo. Protini ya maziwa ya ng'ombe ni ya aina mbili kubwa. Kama asilimia 80 ni kaseini, iliyobaki ni wei. Kaseini inavumilia moto, na hiyo ni sababu mojawapo maziwa mazima ya chai huchemka bila kukatika. Wei haina uvumilivu huo. Joto likikaribia nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, protini zake, ambazo zilikuwa zimejikunja, hukunjuka, hushikana na kufanya wavu. Waitaliano wametumia tabia hiyo miaka mingi kutengeneza rikota: huyapasha moto maji yaliyobaki baada ya jibini mpaka vipande vyeupe vielee juu.

Unaweza kuliona jambo hili mwenyewe bila kuharibu pankeki hata moja. Koroga vijiko viwili vya wei katika robo kikombe ya maji baridi, uweke kwenye sufuria ndogo juu ya moto mdogo, ukoroge bila kuacha. Mwanzoni ni kinywaji tu. Baadaye kitakuwa kizito, kisha kitaanza kufanya chembe, na ukiendelea kuchemsha utaona mabonge yakikaza huku maji yakijitenga pembeni.

Mabonge hayo na maji hayo ndiyo maelezo ya kasoro zote mbili. Pankeki huwa kama mpira pale wavu wa protini unapokuwa mzito mno na hakuna kitu cha kuukata. Huwa kavu pale wavu huohuo unapoendelea kupigwa na moto, ukajibana na kuyakamua maji uliyokuwa umeyashika. Unga wa ngano hufanya kinyume: wanga wake, ukipata joto, hunywa maji, huvimba na kuyahifadhi. Ndiyo maana keki ya kawaida ikipitiliza dakika tatu bado inalika, ilhali mafini ya wei iliyopitiliza dakika tatu itahitaji chai pembeni ili ishuke kooni.

Hapo pana mtego unaowanasa hata wapishi wazoefu. Wei ikiwa baridi huyeyuka tu, hainywi maji kama unga wa ngano. Kwa hiyo ukiitia badala ya unga, rojo huwa jepesi, na mkono wenyewe unakwenda kuongeza kipimo kingine ili liwe zito. Uzito unaoutafuta utakuja, lakini utakuja kikaangoni, na utakuja wote kwa mpigo. Rojo la wei likiwa jepesi, punguza maziwa au ongeza unga wa ngano. Kopo liache lilipo.

Sasa turudi kwenye mapishi ya jim tuyatengeneze. Kipimo kimoja kwa kawaida ni gramu 30 hivi, ingawa makopo hutofautiana, kwa hiyo soma lebo. Chukua gramu 90 za unga wa ngano na gramu 30 za wei, yaani robo tu ya mchanganyiko mkavu. Unaweza kusogea mpaka theluthi moja, lakini ukivuka hapo utaanza kuusikia mpira. Chekecha pamoja na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda na chumvi kidogo, maana wei hupenda kufanya vidonge. Bakuli jingine ponda nusu ndizi mbivu, tia yai zima moja, nusu kikombe ya mtindi, robo kikombe ya maziwa, kijiko kikubwa cha sukari na kijiko kikubwa na nusu cha mafuta.

Kila kilichorudishwa hapo kina kazi. Mafuta na kiini cha yai huingia katikati ya protini na kuzizuia zisishikane sana. Sukari huzichelewesha kuganda, na hushika maji. Kopo lililotiwa utamu wa sukralosi ni tamu, ila utamu huo hauwezi kuifanya kazi hiyo, na watu wengi hawalifikirii hili wanapoondoa sukari yote. Mtindi na ndizi huleta unyevu ambao hauondoki kirahisi. Changanya vikavu na vibichi kwa mwiko hadi unga usionekane, basi. Vibonge vidogo havina neno.

Moto uwe wa chini kuliko uliouzoea. Wei ina protini nyingi, na mara nyingi ina sukari kidogo ya maziwa, kwa hiyo huingia rangi ya kahawia haraka, na rangi hiyo itakudanganya kwamba ndani kumeiva. Tazama vitundu vya juu badala ya rangi: vikifunguka na kingo zikaacha kung'aa, geuza. Upande wa pili hauhitaji zaidi ya dakika moja.

Mafini zinafuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa oveni ni katili zaidi, kwa sababu haikuonyeshi kinachoendelea ndani. Kwa mapishi yanayodai gramu 200 za unga, toa 50 utie wei. Shusha joto kutoka 180 hadi 165 au 170, na anza kuchungulia dakika ya 13. Kijiti cha meno kikitoka na chembe chache zenye unyevu, toa trei. Ukisubiri kijiti kitoke kikavu umechelewa, kwa kuwa mafini huendelea kuiva hata nje ya oveni. Zitoe kwenye vikombe vya trei baada ya dakika tano.

Wengine huogopa kwamba moto unaiua protini. Hauiui, unaibadilisha umbo tu, na tumbo lingelivunja umbo hilo hata hivyo.

Linalobaki ni hesabu. Pankeki za mapishi ya zamani zilikuwa na karibu gramu 60 za protini. Hizi zina kama 45 kwa bakuli zima, na zinatosha watu wawili. Anayetaka gramu 40 peke yake asubuhi asizitafute zote kikaangoni. Ale pankeki zake, na kipimo cha pili akikoroge kwenye glasi ya maziwa baridi.